Fungua uzi kabla hujaununua

Suruali za skuli zilikuwa zikinirudia zimeachia msambani, kitambaa kizima, uzi umekatika. Siku hizi nikenda Darajani kununua uzi nakata kipande cha shubiri moja, nausokotoa kinyume mpaka nyuzi zake mbili ziachane, kisha nachukua mmoja naendelea kuufungua na kuuvuta taratibu. Ukiachia wenyewe na kubaki manyoya mafupi, huo ni polista ya kawaida, iliyosokotwa kwa vipande vifupi. Manyoya yakitoka lakini ndani ukabaki utembo mrefu unaong'aa, ambao lazima uukate kwa nguvu, basi huo una kiini. Kiini hicho hakina maungio, kwa hiyo kwa unene ule ule uzi unabeba mvuto zaidi, na huna haja ya sindano nene inayotoboa matundu makubwa.

Kwa drili ya suruali natumia wa kiini wenye unene sawa na 40/2, sindano namba 14, na msambani napiga mishono miwili. Kanzu na foronya, polista ya kawaida 40/2 yatosha kabisa, usipoteze pesa.

Pasipofaa uzi wa kiini ni shifoni na mitandio. Hapo uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa, kinachochanika ni kitambaa, na hakishoneki tena. Mshono uliokatika uzi waweza kurudiwa. Na kitambaa cha kuvutika kikikata uzi, badilisha mshono kwanza: piga zigizaga.