SOMO: Kuandika kumbukumbu za Mkutano Mkuu wa ushirika kutoka kwenye maandishi ghafi ya sauti

Katibu amerekodi Mkutano Mkuu wa AMCOS kwa simu, kwa muda wa saa tatu na ushee. Sauti imeandikwa neno kwa neno na sasa ana kurasa hamsini zenye makofi, kelele, "eeh" na "ngoja kwanza". Kutoka humo inatakiwa ipatikane kumbukumbu ya kurasa sita au saba ambayo wanachama wataithibitisha, Afisa Ushirika ataisoma, na mkaguzi wa COASCO ataishika huku akilinganisha na vitabu vya fedha. Ajenda nyingi huandikika bila shida. Tabu iko kwenye ajenda ya fedha iliyobishaniwa, kwa hiyo somo hili linachukua ajenda moja ya namna hiyo na kuifuata mpaka mwisho.

Mfano wetu ni chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye wanachama 240. Masharti yake yanataka akidi ya nusu, yaani 120. Daftari la mahudhurio lina saini 141. Ajenda namba 6 ni ukarabati wa ghala, na maandishi ghafi yanasomeka hivi:

[01:42:10] M/KITI: Ajenda ya sita, ghala. Bodi imeona tukate hamsini hamsini kila kilo. Tukipata kilo zetu themanini na sita elfu, hiyo ni milioni nne na laki tatu.
[01:42:55] SAUTI: Hamsini nyingi, mwenyekiti! Bei yenyewe ndiyo hii!
[01:43:20] SAUTI (087): Kwanza tuambiwe ile hela ya mwaka jana, laki sita na nusu, ilikwenda wapi. Mmekula!
[01:44:05] MHASIBU: Ipo benki. Imesomwa hapa kwenye ripoti ya mkaguzi, si mmesikia?
[01:46:30] SAUTI (112): Tufanye arobaini, msimu huu tu, ukiisha basi.
[01:46:48] (sauti nyingi) Eeeh! Hapo sawa! (makofi)
[01:47:15] M/KITI: Haya, arobaini. Wanaokubali wanyooshe mikono. Hesabu, bwana.
[01:49:02] SAUTI: Tisini na sita.
[01:49:10] M/KITI: Wasiokubali? ... Thelathini na moja. Imepita. Twende ya saba.

Hatua ya 1: Weka karatasi za mkutano mezani kabla ya kusoma

Unahitaji ajenda iliyotangazwa, daftari la mahudhurio, taarifa zilizogawiwa ukumbini, na masharti ya chama. Bila daftari huwezi kujua SAUTI ni nani. Hapa namba 087 na 112 zilipatikana kwa sababu mwenyekiti alitaka kila anayesimama ataje namba ya kadi yake. Aliyepiga kelele ya "hamsini nyingi" hakutaja, na hatafutwi. Usikisie jina kwa kufananisha sauti. Mtu akiandikwa kuwa alisema jambo ambalo hakusema, mkutano ujao utaanza na ugomvi huo.

Hatua ya 2: Pitia mara moja ukitafuta maamuzi tu

Usianze kuandika kuanzia ukurasa wa kwanza. Soma yote ukiweka alama penye "imepita", "wanaoafiki", "tumekubaliana" na "basi iwe hivyo". Kisha rudi nyuma kutoka kwenye kila alama na ujiulize: kilichopitishwa hapa ni hoja ipi hasa?

Makosa mabaya huzaliwa hapa. Mwandishi anayefuata maandishi kutoka juu hukutana kwanza na "hamsini", hoja ya Bodi, akaishika kichwani. Lakini mwenyekiti alipoitisha kura alisema "haya, arobaini". Kilichopigiwa kura ni pendekezo la mwanachama 112. Na pendekezo hilo lilikuwa na sehemu mbili: kiasi cha shilingi 40, na kikomo cha msimu mmoja. Mwenyekiti alitaja sehemu moja tu. Je, kikomo kilipita? Sikiliza sauti yenyewe kuanzia 01:46:30. Hakuna aliyekipinga wala kukitenganisha na kiasi, na kura ilifuata papo hapo, kwa hiyo hoja inabebwa nzima. Ila mwekee mwenyekiti alama pembeni ya rasimu ili athibitishe kabla ya kusaini. Kikomo hicho kikidondoka kwenye kumbukumbu, msimu unaofuata makato yataendelea, na mkulima aliyenyoosha mkono kwa sababu ya "msimu huu tu" atakuwa amedhulumiwa kwa kalamu.

Makofi ya 01:46:48 si azimio. Yanaonyesha ukumbi ulivyopokea hoja. Kilichoamua ni mikono iliyohesabiwa.

Hatua ya 3: Hakiki tarakimu moja moja

Kiswahili cha mkutanoni kina mitego ya hesabu. "Themanini na sita elfu" hapa ni 86,000, lakini mtu akisema "elfu themanini na sita" anaweza kumaanisha 86,000 au 80,006. "Laki sita na nusu" ni 650,000. Anayeandika haraka huweza kuweka 600,500. "Hamsini" mtaani huwa elfu hamsini, ilhali hapa ni shilingi hamsini.

Njia ya kujua ni kuzidisha. 86,000 mara 50 ni 4,300,000, na ndiyo "milioni nne na laki tatu" aliyotaja mwenyekiti. Hesabu imekubali, basi tarakimu zote tatu ni sahihi. Laki sita na nusu itafute kwenye ripoti ya ukaguzi iliyogawiwa.

Saa nazo ziandikwe kwa mtindo mmoja. Mkutano uliofunguliwa saa nne asubuhi uandikwe "saa 4:00 asubuhi" mwanzo hadi mwisho. Simu itakuonyesha 10:00, na rasimu nyingi huishia na mkutano uliofunguliwa saa 4:00 na kufungwa saa 13:30.

Hatua ya 4: Geuza maneno ya mdomoni kuwa taarifa

Kila "hii", "ile", "mwaka jana" na "msimu huu" inapata jina au tarehe yake, kwa sababu atakayesoma miaka mitatu baadaye hakuwepo ukumbini. Nafsi ya kwanza inakuwa ya tatu. Matusi na hasira vinatoka, hoja iliyomo ndani yake inabaki. "Mmekula!" haiandikwi, lakini swali la zilikokwenda fedha ni haki ya mwanachama na lazima lionekane pamoja na jibu lake. Makatibu wengine hulifuta ili kumsitiri mwenyekiti. Huko ni kuharibu kumbukumbu.

Matokeo yake ni haya:

6.0 UKARABATI WA GHALA
6.1 Mwenyekiti aliwasilisha pendekezo la Bodi la kukata shilingi 50 kwa kila kilo ya kahawa kwa ajili ya ukarabati wa ghala. Kwa makisio ya kilo 86,000, makato hayo yangefikia shilingi 4,300,000.
6.2 Mwanachama Na. 087 aliomba maelezo kuhusu shilingi 650,000 za msimu wa 2024/2025. Mhasibu alijibu kuwa fedha hizo zipo benki na zimeonyeshwa kwenye ripoti ya ukaguzi iliyosomwa mkutanoni.
6.3 Mwanachama mmoja alieleza kuwa kiasi cha shilingi 50 ni kikubwa kulingana na bei ya kahawa. Mwanachama Na. 112 alipendekeza makato ya shilingi 40 kwa kilo, kwa msimu wa 2025/2026 pekee.
6.4 AZIMIO: Mkutano Mkuu uliazimia kukata shilingi 40 kwa kila kilo ya kahawa kwa ajili ya ukarabati wa ghala, kwa msimu wa 2025/2026 pekee. Waliokubali: 96. Waliokataa: 31.

Angalia ambavyo havimo. Hakuna kiasi kitakachopatikana kwa shilingi 40, ambacho ni 3,440,000, kwa sababu hakuna aliyekitaja mkutanoni. Hakuna tarehe ya kuanza ukarabati. Na haikuandikwa "14 hawakupiga kura", ingawa 141 ukitoa 127 zinabaki 14. Pengine walikuwa nje, pengine walikwisha kuondoka. Unachokijua ni 127 waliohesabiwa, na hao wanatosha kuonyesha kuwa akidi ya 120 ilikuwepo wakati wa kura.

Hatua ya 5: Rasimu irudi kwa mwenyekiti ndani ya siku chache

Ifike ikiwa na alama za mashaka na dakika zake, mfano "tazama 01:46:30". Wiki ikipita, kila mtu atakuwa na mkutano wake kichwani. Sauti isifutwe kabla ya kumbukumbu kuthibitishwa na Mkutano Mkuu unaofuata.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwenyekiti wetu alisema "wanaoafiki waseme ndiyo", ukumbi ukaitika, hakuna hesabu. Niandike kura ngapi?

Jibu: Marahaba. Usiandike tarakimu yoyote. Andika "azimio lilipitishwa kwa sauti", na kama hakuna sauti ya kupinga iliyosikika na mwenyekiti alitangaza hivyo, ongeza "bila kupingwa". Kabla ya hapo soma masharti yenu, kwa kuwa baadhi ya mambo, kama uchaguzi au kubadili masharti, yana namna yake ya kupiga kura.

Swali: Sisi ni SACCOS. Mkutano ulijadili ukomo wa madeni, huyu milioni 80, yule milioni 100, mwisho mwenyekiti akasema "basi tumeelewana". Benki inataka kumbukumbu hizo. Niweke milioni 100?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ukomo wa madeni huwekwa na Mkutano Mkuu na kupelekwa kwa Mrajis auidhinishe, kwa hiyo azimio lazima liwe na kiasi kamili kilichoamuliwa na wanachama. "Tumeelewana" isiyo na kiasi haijaamua kitu. Rudia kusikiliza dakika kumi kabla na baada, maana mara nyingine kiasi hutajwa tena wakati wa kufunga ajenda. Kama hakipo, mweleze mwenyekiti kwamba jambo lirudi kwenye mkutano. Ukijaza mwenyewe, umeghushi azimio.

Swali: Mama mmoja aliongea Kihehe, jirani yake akamfasiria. Kwenye maandishi pameandikwa "(lugha nyingine)". Nifanyeje?

Jibu: Andika hoja kama ilivyofasiriwa ukumbini, kwa namba ya kadi ya mama, siyo ya mfasiri, kisha ongeza "kwa tafsiri ya Mwanachama Na. fulani". Mwombe anayejua Kihehe asikilize kipande hicho. Tafsiri ikiwa imeacha jambo, liwekee alama kwa mwenyekiti, maana ukumbi ulijadili kile ulichofasiriwa.

Swali: Kumbukumbu zimesomwa kwenye mkutano unaofuata, wanachama wakagundua kosa la kiasi. Nichape upya ukurasa?

Jibu: Usichomoe ukurasa. Marekebisho yanaingia kwenye kumbukumbu za mkutano huu mpya, chini ya ajenda ya kuthibitisha kumbukumbu: "Kipengele 6.4, badala ya 50 isomeke 40." Kwenye nakala ya zamani kata kwa mstari mmoja unaosomeka, andika sahihi juu yake, Mwenyekiti na Katibu waweke saini pembeni na tarehe ya siku hiyo.

Swali: Simu ilizima ajenda ya tisa. Nina daftari langu tu.

Jibu: Andika kutoka kwenye daftari, na kwenye rasimu onyesha kwamba kuanzia 9.0 hakuna sauti. Sehemu hiyo mpelekee mwenyekiti pamoja na wajumbe wawili waliokuwepo waisome kila mmoja peke yake, kisha linganisha walichosahihisha.