Kupata ujumbe wa zamani kwenye kundi la Telegram

Utafutaji wa Telegram husoma neno kuanzia mwanzo wake, na hapo ndipo Kiswahili huwaponza wengi. Ukiandika "lipa", ujumbe unaosema "nimelipa" hautatokea, kwa kuwa "lipa" imejificha mwishoni mwa neno. Jaribu "nimelipa", "tumelipa" na "malipo", kila moja peke yake.

Tuseme unatafuta picha ya risiti aliyotuma mweka hazina katikati ya 2021. Picha isiyo na maelezo haina neno la kutafuta, hata kama risiti yenyewe imejaa maandishi. Fungua kundi, gusa nukta tatu, chagua kutafuta, kisha gusa alama ya mtu na umchague mweka hazina. Sehemu ya neno iache tupu: utaona ujumbe wake tu, picha zikiwemo.

Kama ameandika mno, tumia alama ya kalenda. Kumbuka kalenda haichuji. Inakurusha tu hadi siku uliyochagua, kisha unapitia mwenyewe.

Ukikwama, tafuta majibu badala ya picha. Watu huandika "nimeiona" au "asante" baada ya risiti, na maneno hayo yanapatikana.

Njia ya mwisho ni kugusa jina la kundi na kufungua orodha ya picha. Ukiipata, ifungue, gusa nukta tatu na uchague kuiona ndani ya mazungumzo, usome kilichosemwa kabla na baada yake.