Kupima kahawa ya unga kwa maji baridi

Pakiti ya bei nafuu niliyonunua hapa Tanga ilitoa kahawa nyeusi sana, yenye utamu wa sukari iliyoungua lakini isiyo na harufu ya buni, nikashuku kwamba imechanganywa na mizizi ya chikori iliyokaangwa. Jaza glasi maji baridi, nyunyiza juu yake kijiko kidogo cha unga bila kukoroga, kisha utazame kwa dakika chache. Kahawa halisi huelea kwa muda kwa sababu ya mafuta yake, ilhali chikori huzama upesi ikiacha michirizi ya kahawia, kwa kuwa sukari yake huyeyuka hata katika maji baridi. Tahadhari: kahawa iliyosagwa laini mno, kama tuipendavyo pwani, nayo huzama kiasi, kwa hiyo michirizi ndiyo ushahidi mzito zaidi.