Somo: Jenereta mbili uani na kelele zinazofika dirishani kwa jirani

Tuchukue duka la Tabata lenye jenereta uani, na jirani ambaye dirisha lake liko mita 16 kutoka hapo. Mwenye duka anataka kuongeza jenereta ya pili inayofanana na ya kwanza, nasi tunataka kujua jirani atafikiwa na kelele kiasi gani kabla haijanunuliwa.

Hatua ya kwanza ni kupima. Washa jenereta moja, kisha simama na kipima sauti mita 2 kutoka ilipo. Usisogee karibu zaidi, kwa sababu ukiwa nusu mita utakuwa unapima ekzosi au feni peke yake, na hesabu yote inayofuata itapotoka. Tuseme umepata desibeli 80.

Hatua ya pili ni umbali. Mahali pa wazi sauti husambaa kama puto linalovimba: umbali ukiwa maradufu, eneo inalolienea huwa mara nne, na nguvu inayofika mahali pamoja hubaki robo. Nguvu ikipungua kwa nusu, desibeli hushuka 3. Robo ni nusu ya nusu, hivyo hushuka 6. Basi mita 4 tunapata 74, mita 8 tunapata 68, na dirishani 62. Kwa umbali mwingine wowote tumia kanuni hii, ambapo L1 ni desibeli ulizopima kwa umbali r1, na L2 ni desibeli za umbali r2:

```
L2 = L1 - 20*log10(r2/r1)
```

Hatua ya tatu ni kujumlisha. Kinachojumlishwa ni nguvu, si desibeli. Nguvu ikiwa maradufu, desibeli huongezeka 3, kwa hiyo jenereta mbili zikiwa pamoja zitafikisha 65. Ili jirani abaki na 62, umbali uzidishwe kwa 1.41 tu, yaani mashine zote mbili ziwe takriban mita 23 kutoka dirishani.

Nyua zetu nyingi zina kuta pande zote, na hapo ndipo hesabu hii hukwama. Pima mita 4 na mita 8: tofauti ikiwa 3 au 4 badala ya 6, huenda kuta zinarudisha sauti. Zima pia jenereta na upime dirishani, maana kelele za barabara zikiwa 62 peke yake, kipima sauti kitaonyesha 65 hata kwa jenereta moja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi hufunga spika za harusi. Spika mbili zinazopiga muziki uleule nazo huongeza 3?*

Ndugu yangu, si lazima. Mawimbi yake yanakwenda pamoja, hivyo ukisimama katikati, kwa umbali sawa na kila spika, ongezeko linaweza kufika 6. Ukisogea pembeni, baadhi ya sauti hufutana na kupungua. Jenereta hazifuatani namna hiyo.

*Je, jirani atasikia kelele maradufu?*

Hapana, dada. Nguvu ndiyo iliyo maradufu. Sikio litatambua ongezeko dogo tu. Ili asikie kama maradufu zinahitajika takriban desibeli 10 zaidi, ambazo ni sawa na jenereta 10 za namna hiyo badala ya moja.