Usome eksesi mpaka mstari wa mwisho

Ukitoa maandishi kwenye picha ya jedwali la bima, hakiki tarakimu kwanza: kiasi cha bima mara asilimia ya ada kilete ada kabla ya kodi. 3,000,000 kwa asilimia 4 ni 120,000. Maandishi yakitoka 8,000,000 badala ya 3,000,000, hesabu inagoma.

Eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ndiyo inayodanganya, maana kima chake cha chini hukaa mstari wa pili na hukatwa kirahisi. Ofa A: asilimia 5 ya hasara, isiyopungua 50,000. Ofa B: asilimia 10, isiyopungua 30,000. Kwa hasara ya 400,000, A unabeba 50,000, B 40,000. Ikifika 1,000,000, B inakuwa 100,000, A inabaki 50,000.