Mifuko miwili, fahirisi moja: pima pengo, kisha pima mtikisiko wake

Mweka hazina wa chama kimoja hapa Buruburu aliniletea taarifa za mifuko miwili ya uwekezaji inayofuata fahirisi ileile, yaani kipimo kimoja cha mwenendo wa hisa za soko. "Mwalimu, hisa ni zilezile, mbona faida hailingani na ya fahirisi?" Tulifungua Excel mezani kwake, na utaratibu tulioufuata ni huu. Takwimu zilizo hapa chini nimezitunga mwenyewe, ili kila chanzo cha pengo kionekane peke yake.

Hatua ya 1: Hakikisha unalinganisha vitu vinavyolingana

Chukua faida ya kila mwezi inayotokana na thamani halisi ya yuniti, yaani mali ya mfuko ikigawanywa kwa idadi ya yuniti. Usitumie bei ya mwisho sokoni, kwa sababu yuniti zikinunuliwa kwa nadra bei hiyo huwa imepitwa na wakati.

Kisha uliza kama fahirisi inahesabu gawio. NASI na NSE 20 za soko la Nairobi hupima bei za hisa tu. Mfuko unaopokea gawio na kulirudisha kwenye hisa unaweza kuizidi NASI mwaka hadi mwaka, na meneja akasifiwa kwa kazi ambayo ni ya gawio. Tafuta fahirisi inayojumlisha gawio, la sivyo hesabu yote inayofuata itakupotosha.

Hatua ya 2: Jaza safu tatu

Safu A ni fahirisi, B ni mfuko wa kwanza, C ni wa pili, zote kwa asilimia, kuanzia mstari wa 2.

```
A      B      C
2.10   2.06   2.00
-1.40  -1.44  -1.33
3.00   2.95   2.85
0.50   0.46   0.48
-0.80  -0.84  -0.76
1.60   1.56   1.52
```

Andika fomula hizi katika D2 na E2, uziburute hadi mstari wa 7:

```
=B2-A2
=C2-A2
```

Jumlisha kila safu. Mfuko wa kwanza umebaki nyuma kwa 0.25, wa pili kwa 0.24. Mweka hazina alipofika hapa alitaka kufunga kompyuta, maana pengo ni karibu sawa. Nilimwomba asubiri kidogo.

Hatua ya 3: Pima mtikisiko

```
=STDEV.S(D2:D7)*SQRT(12)
=STDEV.S(E2:E7)*SQRT(12)
```

Huu ndio mkengeuko wa ufuatiliaji. Haupimi ukubwa wa pengo, bali jinsi pengo linavyobadilika mwezi hadi mwezi, na SQRT(12) huugeuza kuwa wa mwaka. Mfuko wa kwanza unatoa 0.01, wa pili 0.29. Kwa hiyo ukisikia mfuko una mkengeuko mdogo, usidhani umepata faida sawa na fahirisi. Huenda unabaki nyuma kila mwezi kwa kiasi kilekile.

Hatua ya 4: Tafuta chanzo

Soma safu D kutoka juu hadi chini. Kila mwezi panatoka takriban 0.04, soko lipande au lishuke. Hiyo ni ada: asilimia 0.5 kwa mwaka ukiigawanya kwa 12 unapata karibu 0.04.

Safu E ina tabia nyingine kabisa. Soko likipanda, mfuko unapungukiwa. Likishuka, unaumia kidogo kuliko fahirisi. Jaribu hii:

```
=SLOPE(C2:C7,A2:A7)
```

Jibu, yaani mteremko, ni 0.95. Fahirisi ikisogea 1, mfuko husogea 0.95, kana kwamba asilimia 5 ya pesa haimo kwenye hisa. Mfuko wa kwanza unatoa karibu 1.00. Hapo nashuku fedha taslimu kwanza: michango iliyofika na haijanunua hisa, akiba ya kuwalipa wanaotoka, au gawio linalosubiri kugawiwa. Mfuko wa SPY wa Marekani, ulioanza 1993 na kufuata fahirisi ya S&P 500, umeundwa kwa namna isiyoruhusu gawio kurudishwa kwenye hisa kabla ya kulipwa, ilhali mfuko wa VOO, wa fahirisi hiyohiyo, unaruhusiwa.

Kama pengo linarukaruka bila kufuata soko, angalia orodha ya hisa. Huenda meneja amenunua baadhi tu ya hisa za fahirisi, hasa zile ndogo zinapokuwa ngumu kupatikana.

Hatua ya 5: Rudia kwa miezi mingi

Miezi sita inatosha kujifunzia tu. Kwa uamuzi wa pesa za chama mimi hutaka 36, yenye vipindi vya kupanda na kushuka. Katika mfano wetu soko lilipanda kwa jumla, ndiyo maana fedha taslimu zilikula faida. Kama lingeshuka kwa miezi hiyo yote, mfuko wa pili ungemaliza juu ya fahirisi huku mteremko ukibaki 0.95. Mweka hazina ameandika swali moja la kumpelekea meneja wa mfuko huo: mwisho wa kila mwezi, ni asilimia ngapi ya mali iliyokuwa benki?