Jinsi ya kuomba kupokelewa kwa rejista zilizosomwa na kompyuta: kisanduku cha kizingiti

Anayewasilisha hapa Bukavu dosie ya rejista za zamani za kuzaliwa, zilizopigwa taipu na kusomwa na kompyuta, hahitaji kuelezwa namna ya kujaza jina, komine na namba ya risiti. Kisanduku kinachorudisha dosie ni kile kinachodai kizingiti cha uhakika, yaani alama ambayo mstari ukiifikia hupitishwa bila kukaguliwa na mtu, pamoja na ushahidi wake. Sharti ni kwamba mistari inayopitishwa bila kukaguliwa na mtu isiwe na makosa zaidi ya 2 kwa kila 100. Waombaji wengi huandika 90, na karani wa dirishani huipokea kwa tabasamu, kwa kuwa kazi ya kukataa si yake bali ni ya mkaguzi wa ghorofani, ambaye huiona dosie baada ya kulala rafuni wiki kadhaa.

Alama ya 90 haimaanishi kwamba mistari 90 kati ya 100 ni sahihi. Ni kadirio la programu kuhusu kazi yake yenyewe, nalo hubadilika kulingana na wino, karatasi na skana. Kwa Tesseract, programu inayosoma maandishi kwenye picha, alama hizo hupatikana hivi:

```
tesseract ukurasa.png ukurasa -l fra+swa tsv
```

Safu ya `conf` hutoa alama ya kila neno, kuanzia 0 hadi 100. Penye -1 si neno bali ni mpaka wa ukurasa, aya au mstari, kwa hiyo paondolewe. Alama ya mstari mzima itabidi uitunge mwenyewe, na ni afadhali uchukue ya neno lililo dhaifu kuliko yote badala ya wastani. Mstari wenye maneno sita ya alama 96 na mwaka wa kuzaliwa wenye alama 41 una wastani wa 88, ilhali huo mwaka ndio mwenye rejista anaoutafuta.

Kisha chagua mistari kwa bahati nasibu kutoka rejista zote, nakala za karatasi ya kaboni zikiwemo, na umpe mpiga chapa picha zake azipige taipu upya bila kumwonyesha kile ambacho kompyuta imesoma, kwani akikiona atakikubali. Mstari ni sahihi pale tu kila herufi na kila tarakimu inapolingana.

Tuchukue mfano wa mistari 400 iliyopangwa kwa makundi ya alama. Kati ya 60 na 70 kuna mistari 40, sahihi 22. Kati ya 70 na 80 kuna 60, sahihi 45, yaani asilimia 75. Lakini kati ya 80 na 90 kuna 100, sahihi 70 tu. Alama imepanda na usahihi umeshuka, jambo ambalo kipimo cha kuaminika hakiruhusu. Makundi hayo mawili yaunganishwe: mistari 160, sahihi 115, yaani takriban asilimia 72 kwa alama zote kati ya 70 na 90. Kutoka 90 hadi 95 ni 91 kati ya 100, na kuanzia 95 kwenda juu ni 99 kati ya 100. Hivyo 90 haitoshi, na 95 inaonekana kutosha.

Neno «inaonekana» ndilo lililonigharimu malipo ya pili ya mpiga chapa. Kosa 1 katika mistari 100 linaweza kutokea hata kama kiwango halisi cha makosa kinakaribia 5 kwa 100, na mkaguzi anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko anavyojua saa za kufungua ofisi. Baada ya kuchagua 95, chukua mistari mipya yenye alama hiyo au zaidi, kutoka rejista ambazo hazikutumika mwanzoni, na kila ukurasa utoe mstari mmoja, kwa sababu kaboni iliyofifia huharibu mistari mingi ya ukurasa mmoja kwa pamoja. Usipokuta kosa lolote, gawanya 3 kwa idadi ya mistari: mistari 150 bila kosa inaonyesha, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba makosa hayazidi 2 kwa 100. Likipatikana kosa 1, mistari 150 haitoshi tena; utahitaji takriban 240, na lisionekane kosa jingine. Kwa hiyo tangu mwanzo agiza 240 na uamue idadi hiyo kabla ya kuona matokeo. Kuongeza mistari kidogo kidogo hadi jibu lipendeze hakuhesabiwi kuwa ushahidi.

Jedwali la hesabu hizo liambatishwe pamoja na jina la skana na toleo la programu, maana moja kati ya hivyo ikibadilika kizingiti hupimwa upya. Aidha, hesabu mistari ya kila ukurasa kwenye picha na uilinganishe na iliyotolewa na kompyuta. Mstari ambao programu iliuruka hauna alama yoyote, hivyo hakuna kizingiti kitakachoukamata, na kurasa zenye upungufu huo zipelekwe zote kwa mkaguzi wa mkono.